Umeshachapisha, watu wameshaamini: namna ya kuandika sahihisho la makala iliyopotosha

Makala yenyewe niliiandika mimi, kwenye jarida letu dogo la kilimo hapa Mbeya, mwezi wa Oktoba, wakati watu wanajiandaa na mvua za kupandia. Kichwa chake kilisema: "Ekari moja ya parachichi, milioni 22 na nusu kwa mwaka." Ndani nilieleza kwamba parachichi aina ya Hass huanza kuzaa mwaka wa tatu, kwamba ekari inachukua miche 100, kwamba mti unatoa kilo 150 na kilo moja inanunuliwa shilingi 1,500. Zidisha mwenyewe: inatoka 22,500,000 kamili. Hesabu haina kosa hata moja la kuzidisha, na hilo ndilo lililonichelewesha kuona nilichofanya.

Siku ya tisa alinipigia mwalimu mstaafu wa Tukuyu. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akauliza polepole: "Mwanangu, huo mti wa kilo 150 umeuona wapi? Mimi ninayo ya miaka minane, siujui." Hakuwa na hasira. Alikuwa anauliza kwa sababu shemeji yake wa Makambako alikuwa ameshaweka oda ya miche 200.

Ninayoyaeleza hapa ni yale tuliyofanya baada ya simu ile, kwa mpangilio ambao sasa naona ndio unaofaa. Wakati ule hatukuufuata sawasawa.

Kwanza: zuia hasara kabla ya kuomba radhi

Kishawishi cha kwanza ni kukaa chini uandike maelezo mazuri. Acha. Maelezo mazuri yatakula siku nne, na kwa siku nne hizo mtu mwingine atalipa. Siku hiyohiyo toa tangazo la mistari mitatu, hata kama bado hujajua kosa lote liko wapi. Letu lilikuwa hivi:

> Kama umesoma makala yetu ya parachichi na unakusudia kununua miche kwa kutegemea hesabu yake, subiri. Hesabu ile haiko sawa. Tunaipitia upya na sahihisho kamili litatoka Ijumaa.

Angalia kwamba tangazo linaanza na jambo la kufanya, yaani kusubiri, na lina siku. Mkisema "hivi karibuni" msomaji atajua mnamzungusha.

Makala yenyewe usiifute. Nilitaka sana kuifuta. Ila ukurasa ule ulikuwa umeshapigwa picha na unazunguka kwenye makundi ya simu kuanzia Mbozi hadi Kilolo, na mtu mwenye picha mkononi akija kwetu kuulizia makala asiikute, atadhani tumekana. Iache, uweke tangazo juu ya kichwa chake, na mwisho wa kazi ubadilishe na kichwa chenyewe.

Pili: ifumue makala mstari kwa mstari

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo wengi wanaponyooshewa kidole mara ya pili, kwa sababu wanasahihisha namba moja waliyolalamikiwa na kuziacha tano zinazoitegemea.

Chapa makala kwenye karatasi. Chukua kalamu. Kila sentensi yenye namba, muda, au neno kama "kila", "wote" na "uhakika", iwekee alama moja kati ya tatu: ni kosa, ni kweli lakini imekaa mahali pasipo pake, au kuna kitu hakikusemwa. Makala yangu ilikuwa na kosa moja tu la wazi. Yaliyobaki yalikuwa ya aina ya pili na ya tatu, na hayo ndiyo yaliyopotosha zaidi.

Kosa la wazi lilikuwa miche 100. Huku kwetu ekari hupimwa kwa miguu: hatua 70 kwa hatua 70, kila mtu anajua. Mimi nikaandika mita 70 kwa mita 70. Hatua ya mtu mzima anayetembea kwa kujinyoosha haifiki mita moja, inakaribia sentimita 90, ndiyo maana hatua 70 zinaleta ekari ya kweli, ambayo ni mita za mraba 4,047. Mita 70 kwa 70 zinaleta 4,900. Ukipanda kwa nafasi ya mita 7 kwa 7, kila mti unakula mita za mraba 49. Gawanya 4,900 unapata miti 100 kamili, namba inayopendeza macho. Gawanya 4,047 unapata 82. Miti 18 niliipanda hewani.

Kilo 150 hazikuwa uongo. Nilitajiwa na mtaalamu wa kitalu kimoja, na nilipofungua daftari langu nikakuta maneno yake: "mti mkubwa, uliotunzwa, unaweza kufika." Nilipokuwa naandika niliacha "mkubwa", nikaacha "uliotunzwa", na "unaweza kufika" ikageuka "unatoa". Halafu nikaiweka aya moja na "huanza kuzaa mwaka wa tatu". Kila sentensi peke yake inaweza kutetewa. Zikikaa pamoja, msomaji anaelewa kwamba mche aliopanda mwaka huu utampa kilo 150 baada ya miaka mitatu. Mwaka wa tatu mche uliobebeshwa unaonyesha matunda, ndiyo, lakini ni ya kuhesabika.

Shilingi 1,500 ilikuwa bei ya tunda la kwenda nje, msimu ule, shambani. Matunda yaliyopigwa na upepo, yenye makovu, madogo mno au yaliyochumwa kabla hayajakomaa yanawekwa pembeni, watu wanayaita rijekti, na yanaishia sokoni kwa bei nyingine kabisa. Mimi nilizidisha kila tunda kwa bei ya nje.

Na yasiyosemwa: gharama hata moja haikuwamo. Sikutaja kwamba parachichi huwa na tabia ya kuzaa sana mwaka mmoja na kupumzika mwaka unaofuata. Sikutaja baridi ya Juni na Julai kule Njombe, Makete na Mufindi, ile ya asubuhi unakuta umande umeganda kwenye majani, ambayo inaunguza mche mchanga mabondeni. Na sikutaja kwamba aliyenipa namba anauza miche.

Ukimaliza kuweka alama, fanya hesabu upya ukiwa na kitu kinachoshikika. Nilikwenda Tukuyu kwa mwalimu na akanifungulia daftari lake la mavuno. Mwaka wa tatu mti wake ulimpa wastani wa kilo 8. Mwaka wa tano kilo 40. Mwaka huo wa tano sehemu 60 katika 100 ya mzigo ilichukuliwa kwa bei ya nje, iliyobaki akauza shilingi 400 kwa kilo. Nikaweka namba zake kwenye ekari ya miti 82:

> Mwaka wa tano: miti 82 × kilo 40 = kilo 3,280
> Za nje: kilo 1,968 × 1,500 = sh. 2,952,000
> Za sokoni: kilo 1,312 × 400 = sh. 524,800
> Jumla kabla ya gharama: sh. 3,476,800

Kutoka milioni 22 na nusu mwaka wa tatu hadi chini ya milioni 3 na nusu mwaka wa tano, na hapo mbolea, vibarua, dawa na maji ya kiangazi havijatolewa. Nilikaa na karatasi ile barazani kwake muda mrefu bila kusema kitu. Mke wake alileta ndizi za kuchemsha, akaniambia kula, parachichi haziendi kokote.

Angalizo: daftari moja ni shamba moja. Ukilitumia kusahihisha, andika hivyo, la sivyo utakuwa umetoa namba ya mtu mmoja na kuivika koti la mkoa mzima, kosa lilelile kwa upande wa pili.

Tatu: watafute walioshaamini

Sahihisho linaandikwa kwa ajili ya watu waliochukua hatua. Usipowajua, utaandika kwa ajili ya heshima yako. Tulipitia simu na ujumbe uliokuja tangu makala itoke, tukapata watu kumi na wanne, tukawapigia mmojammoja. Hatukuwauliza "umeumia?" Tuliwauliza: "Umefika wapi?"

Majibu yaliangukia mafungu matatu, na kila fungu lilihitaji sentensi yake kwenye sahihisho. Wapo waliokuwa wanafikiria tu. Hao inatosha kuwapa hesabu mpya. Wapo waliolipa kianzio lakini miche haijatoka kitaluni; hao wanahitaji kujua haraka kwamba wanaweza kuomba kupunguza oda, na tulimwomba mwenye kitalu mapema awasikilize. Alikubali kwa saba, wawili akawakatalia. Na wapo walioshapanda. Dada mmoja alikuwa ameng'oa kahawa ya marehemu baba yake.

Kwa huyo hakuna sentensi ya kurudisha kahawa. Usijaribu kuitunga. Tulichoweza kumpa ni kitu cha kufanya na shamba alilonalo: kati ya mistari ya parachichi kuna mita 7 zenye jua kwa miaka mitatu minne ya mwanzo, na maharage au viazi vinakaa humo bila kugombana na mche, mradi asilime karibu na shina maana mizizi ya parachichi iko juujuu. Hiyo aya ndiyo iliyosomwa kuliko zote.

Nne: andika

Mpangilio unaofaa ni huu: kilicho sahihi, kisha tulichosema, kisha kilichotokea, kisha radhi, kisha afanye nini aliyeathirika, mwisho mabadiliko. Usianze na radhi. Anayesoma mstari wa kwanza tu, na wako wengi, aondoke na namba sahihi.

Rasimu yangu ya kwanza ilisema: "Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote uliojitokeza kufuatia makala yetu, ambapo baadhi ya takwimu hazikuzingatia mazingira halisi." Mwenzangu wa meza ya pili aliisoma kwa sauti, kama anayesoma tangazo la kukatika umeme, tukacheka wote. Itazame: "uliojitokeza", kama ukungu wa Uporoto, umejitokeza wenyewe. "Wowote", maana yake hatujui kama upo. "Takwimu hazikuzingatia", kwamba takwimu ndizo zilizopaswa kuzingatia, siyo mwandishi. Ni Kiswahili cha ofisini kilichozoeleka kiasi kwamba kinajiandika chenyewe, kwa hiyo ukikikuta kwenye rasimu yako usishangae, kikate tu. Kila kitenzi cha kosa kipe mwenyewe: niliandika, niliacha, hatukuuliza.

Kata pia "kama kuna aliyepotoshwa". Yupo, umeongea naye Jumanne. Na usiliite kosa la uchapaji kama halikuwa la uchapaji.

Tulichotoa Ijumaa kilianza hivi:

> Sahihisho: ekari ya parachichi haitoi milioni 22 na nusu mwaka wa tatu
>
> Ekari moja, yaani mita za mraba 4,047, kwa nafasi ya mita 7 kwa 7 inachukua miti 82, si 100. Mwaka wa tatu mti unaanza tu kuzaa. Katika shamba moja la Rungwe ambalo tumeona daftari lake, mti ulitoa wastani wa kilo 8 mwaka wa tatu na kilo 40 mwaka wa tano. Kwa bei alizopata mkulima huyo, ekari ya mwaka wa tano ingeleta shilingi 3,476,800 kabla ya gharama. Shamba lako linaweza kuzidi au kupungua.
>
> Tuliandika kuwa mti unatoa kilo 150. Chanzo chetu alisema mti mkubwa uliotunzwa unaweza kufika huko. Mwandishi aliyaacha maneno hayo. Tulizidisha mavuno yote kwa bei ya tunda la kusafirishwa nje. Hatukuweka gharama. Hatukuwaambia kwamba chanzo chetu anauza miche ya parachichi. Makosa haya ni yetu. Tumewakosea, na tunaomba radhi.

Urefu wake wote ulikuwa nusu ya makala ya awali. Inatosha. Sababu zako binafsi, kwamba siku ile ulikuwa na homa au kwamba mhariri alikuwa safari, ziweke nje. Mwenye miche 200 hazimsaidii.

Kuhusu chanzo: mpigie kabla hujatoa, msomee sentensi inayomhusu. Yule mtaalamu alikasirika nilipomwambia tutataja biashara yake, akasema tunamfanya tapeli. Nikamsomea daftari langu na sentensi inayosema yeye alisema vizuri na mimi ndiye niliyekata. Akanyamaza, akasema basi. Ni rahisi sana kumtupia mzigo aliyekupa namba. Lakini kalamu ilikuwa mkononi mwako.

Kisha mpe mtu wa nje asome na kuhesabu. Sisi tulimpa mwalimu. Alikuta nimeandika "miti 82 kwa ekari ya hatua 70" bila kueleza urefu wa hatua, kwa hiyo mwenye miguu mirefu angepima shamba kubwa na kudhani sisi ndio tumekosea tena. Ndipo tukaongeza mita za mraba. Sahihisho lenye kosa ni msiba juu ya msiba.

Tano: ahadi chache, zinazoweza kukamatwa

"Tutakuwa makini zaidi" si ahadi, maana hakuna siku mtu atakuja kukuonyesha kwamba hukuwa makini. Ahadi nzuri ni ile ambayo msomaji mwenye nongwa anaweza kukukamata nayo. Tulianza na orodha ya saba, tukabakiza nne tulizojua tunazimudu na watu wanne tulio nao.

Kila makala yenye hesabu ya faida itaonyesha mwaka wa zao, gharama, na bei ni ya wapi na ya lini. Kila chanzo anayeuza kitu kinachohusika, iwe miche, mbolea au dawa, atatajwa hivyo palepale jina lake linapotokea mara ya kwanza. Na hesabu ya kilimo haitachapwa kabla mkulima mmoja wa zao hilo, asiyeuza pembejeo, hajaisoma. Makala itasema kwamba imesomwa.

Ya nne mwanzoni ilisema kwamba tutazipitia makala zote za zamani. Mwenzangu aliuliza, "Nani? Lini?" Tukaibadilisha: tutapitia makala sita za faida zilizotoka mwaka ule, na matokeo yatatoka kabla ya mwisho wa Januari. Mbili zilikutwa na matatizo, moja ya vanila, moja ya kuku. Bora tuliziona wenyewe.

Sita: lipeleke kosa lilikopita

Sahihisho liwekwe ukurasa uleule, ukubwa uleule wa herufi. Lakini kwa kuwa kosa letu lilisafiri kama picha, tulitengeneza na sahihisho kama picha: ukurasa wa zamani umepigwa mstari mwekundu katikati, chini yake hesabu mpya. Mtu akilituma kwenye kundi, wenzake wanautambua ukurasa waliouona. Sahihisho lenye sura mpya linapita kama habari nyingine tu. Redio moja ya hapa mjini ilikuwa imesoma makala yetu alfajiri. Tuliwaomba wasome na sahihisho, saa ileile. Walikubali, ila wakalisoma saa nne asubuhi watu wakiwa shambani. Tukaomba tena.

Kwenye makala ya awali tulibadilisha kichwa, tukaacha namba za zamani zikiwa zimekatwa kwa mstari na mpya pembeni, na tarehe ya mabadiliko juu. Kubadilisha kimyakimya ni kosa la pili, na huwa linagunduliwa na mtu mwenye picha.

Aliyeathirika akitaka kwenda mbele, mwambie njia; Baraza la Habari Tanzania hupokea malalamiko ya wasomaji dhidi ya vyombo vya habari. Mtu mmoja alituuliza na tukamwelekeza. Kama mtu anadai fidia, usijibu peke yako kwa simu. Pata ushauri wa mwanasheria kwanza, lakini sahihisho lisisubiri hilo.

Saba: rudi kupiga simu

Wiki ya tatu tuliwapigia tena wale kumi na wanne. Wanane walikuwa wameliona sahihisho, wanne hawakuliona, wawili simu hazikupatikana. Wale wanne ndio walitufundisha lilikuwa halijafika wapi: wote walikuwa upande wa Kilolo, kwenye kundi moja ambalo hatukuwa na mtu ndani yake. Shemeji wa Makambako alipunguza oda ikawa miche 60. Dada wa kahawa alisema ameshaotesha maharage katikati, na kwamba ukurasa wetu wa kwanza bado ameubandika ukutani kwake, hajui aubandue au la. Nikamwambia nitamletea wa pili aubandike pembeni yake.